Mashine Moja, Faida Mbili: Jinsi Njia ya Kukokotoa Uchakavu Inavyohamisha Faida

Katika mafunzo tunayowapa wajumbe wa bodi wasio wahasibu, huwa nagawa karatasi mbili za faida na hasara. Ya kwanza inaonyesha biashara iliyopata faida ileile miaka minne mfululizo. Ya pili inaonyesha biashara iliyoanza kwa kuchechemea na kufikia mwaka wa nne ikawa inapata faida mara nne ya ile ya mwanzo. Nauliza ni biashara ipi wangeikopesha. Mjadala huwa mkali, na wengi huichagua ya pili kwa sababu inakua. Kisha nawaambia kwamba karatasi zote mbili ni za biashara moja, yenye mashine moja na wateja walewale. Kilichotofautiana ni njia ya kukokotoa uchakavu, yaani kugawa gharama ya mashine kwa miaka itakayotumika.

Tuifungue mashine hiyo tuone. Imenunuliwa kwa 10,000,000. Inatarajiwa kufanya kazi miaka minne, kisha iuzwe kwa 1,296,000, kiasi ambacho wahasibu hukiita thamani ya mabaki. Sehemu itakayoliwa na matumizi ni tofauti ya hizo mbili, yaani 8,704,000. Kwa njia yoyote utakayotumia, kiasi hicho ndicho kitakachoingia kwenye gharama katika miaka hiyo minne, hakipungui wala hakiongezeki. Swali ni moja tu: kila mwaka ubebe kiasi gani?

Njia ya mstari mnyoofu inagawa sawasawa. Unachukua 8,704,000 unaigawa kwa 4, unapata 2,176,000 kila mwaka. Ukichora thamani ya mashine vitabuni mwaka hadi mwaka, utapata mstari ulionyooka unaoshuka, na jina limetoka hapo.

Njia ya salio linalopungua haigawi sawasawa. Inachukua asilimia isiyobadilika, lakini ya thamani iliyobaki na si ya bei ya kununulia. Kwa mashine yetu asilimia hiyo ni 40. Mwaka wa kwanza ni 40% ya 10,000,000, yaani 4,000,000. Zinabaki 6,000,000, kwa hiyo mwaka wa pili unakata 2,400,000. Zinabaki 3,600,000, mwaka wa tatu unakata 1,440,000. Zinabaki 2,160,000, na mwaka wa nne unakata 864,000. Mwisho zinabaki 1,296,000 kamili, kama ilivyokusudiwa.

Sasa tuseme biashara hii inapata 5,000,000 kila mwaka kabla ya kutoa uchakavu. Faida itakayoripotiwa ni hii:

| Mwaka | Mstari mnyoofu | Salio linalopungua |
|---|---|---|
| 1 | 2,824,000 | 1,000,000 |
| 2 | 2,824,000 | 2,600,000 |
| 3 | 2,824,000 | 3,560,000 |
| 4 | 2,824,000 | 4,136,000 |
| Jumla | 11,296,000 | 11,296,000 |

Mstari wa mwisho ndio ninaowaomba wasomaji wakae nao kidogo. Jumla ni ileile. Hakuna njia iliyozalisha faida zaidi, wala hakuna hata senti moja iliyoingia au kutoka benki kwa sababu ya uchaguzi huo. Fedha ya mashine ilitoka siku ya kununua, yote kwa pamoja. Uchakavu unafuata nyuma yake, ukiigawa gharama ile kwa miaka iliyofaidika nayo. Njia ya salio linalopungua imechukua faida ya miaka miwili ya mwanzo ikaipeleka miaka miwili ya mwisho, basi. Kwa hiyo ule "ukuaji" wa karatasi ya pili haukuwa ukuaji wa biashara.

Je, hiyo ina maana kwamba njia ya pili inadanganya? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapohukumu haraka. Nimechukulia kwamba mashine inaleta mapato yaleyale kila mwaka na haidai matengenezo. Mashine za kweli haziko hivyo. Ikiwa mpya inadai mafuta na usafi tu, ikizeeka inadai vipuri, fundi na siku za kusimama. Tuongeze matengenezo ya 200,000 mwaka wa kwanza, 600,000 wa pili, 1,200,000 wa tatu na 1,600,000 wa nne, kisha tuyatoe kwenye faida.

Kwa mstari mnyoofu faida sasa inakuwa 2,624,000, kisha 2,224,000, kisha 1,624,000, na mwisho 1,224,000. Inaporomoka kila mwaka. Kwa salio linalopungua inakuwa 800,000, kisha 2,000,000, kisha 2,360,000, kisha 2,536,000. Inapanda. Biashara ni moja, lakini msomaji wa hesabu za kwanza ataita kikao cha dharura, na wa hesabu za pili atapongeza uongozi. Ukiacha mwaka wa kwanza, ambao umebeba mzigo mzito mno, salio linalopungua ndilo linalotoa picha iliyotulia zaidi, kwa sababu uchakavu unashuka wakati matengenezo yanapanda, na viwili hivyo vinafidiana. Hiyo ndiyo hoja ya msingi ya kuitumia kwa magari na mitambo. Kwa jengo au samani, ambavyo huduma yake haipungui sana mwaka hadi mwaka, hoja hiyo haina nguvu, na mstari mnyoofu unafaa zaidi.

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16, maarufu kwa kifupi cha IAS 16, hakisemi njia ipi ni bora. Kinadai njia iakisi jinsi manufaa ya mali yanavyotarajiwa kutumika. Kwa maneno mengine, swali la kwanza liwe mashine inachokaje, si bodi inataka faida gani.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote katika salio linalopungua liko kwenye asilimia yenyewe. Mtu anasema: mashine ni ya miaka minne, kwa hiyo asilimia ni 25. Hiyo ni asilimia ya mstari mnyoofu. Ukiitumia kwenye salio linalopungua, mwisho wa mwaka wa nne vitabu vitaonyesha mashine ina thamani ya 3,164,063, wakati sokoni inatarajiwa kupata 1,296,000. Kwa jumla ya miaka minne faida imeripotiwa kubwa kuliko ilivyostahili, na pengo la karibu 1,868,000 litajitokeza kama hasara siku ya kuiuza. Asilimia sahihi inatafutwa kwa bei, mabaki na miaka kwa pamoja. Kwenye jedwali la kompyuta andika hivi:

```
=1-(1296000/10000000)^(1/4)
```

Jibu ni 0.4, yaani 40%. Utaona pia kwamba ukiweka sifuri mahali pa mabaki, fomula inatoa 1, yaani 100%, na mashine yote inaisha mwaka wa kwanza. Asilimia ya kinachobaki, ikiwa chini ya 100, haiwezi kamwe kukimaliza kitu, kama vile kukata nusu ya mkate kila siku kusivyoumaliza mkate. Kwa mali isiyo na mabaki, ama utumie mstari mnyoofu, ama upange mapema mwaka wa kuhamia njia hiyo ili salio lililobaki liishe.

Kosa la pili ni dogo kulieleza: kutoa mabaki kwanza ndipo uzidishe kwa asilimia. Katika salio linalopungua mabaki tayari yamo ndani ya asilimia, kwa hiyo ukiyatoa tena umeyahesabu mara mbili. Namna ya kuyagundua makosa yote mawili ni ileile. Usiangalie uchakavu wa mwaka huu peke yake. Peleka hesabu mbele hadi mwaka wa mwisho na uone kama salio linatua juu ya mabaki. Lisipotua, kuna kitu hakiko sawa.

Mashine ikiuzwa kabla ya wakati, tofauti ya njia mbili hizi inajianika yenyewe. Turudi kwenye mfano wetu wa kwanza, usio na matengenezo, na tuseme mwisho wa mwaka wa pili mashine imeuzwa kwa 4,000,000. Aliyetumia mstari mnyoofu ana thamani ya vitabuni ya 5,648,000, kwa hiyo anaandika hasara ya 1,648,000. Aliyetumia salio linalopungua ana 3,600,000, naye anaandika faida ya 400,000. Ukijumlisha faida ya miaka miwili pamoja na matokeo ya mauzo, wote wawili wanafika 4,000,000. Mauzo yanasahihisha kile ambacho uchakavu ulikadiria. Ndiyo maana kampuni inayopata hasara kila inapouza mitambo yake inakuambia kitu: uchakavu wake ni mdogo mno, na faida za miaka iliyopita zilikuwa zimenona kupita kiasi.

Kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: kodi je? Katika nchi nyingi sheria ya kodi inaweka viwango vyake vya punguzo kwa kila kundi la mali, na mamlaka haijali njia uliyotumia kwenye hesabu zako. Unarudisha uchakavu wako kwenye faida, kisha unatoa punguzo la kisheria. Anayebadilisha njia vitabuni kwa matumaini ya kulipa kodi kidogo aisome kwanza sheria ya nchi yake.

Lililobaki ni kubadilisha njia katikati. IAS 16 inaagiza njia ipitiwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa fedha, na kama namna ya kuitumia mali imebadilika sana, njia nayo ibadilishwe. Mabadiliko hayo ni ya makadirio, kwa hiyo yanakwenda mbele tu. Hesabu za miaka iliyopita haziguswi. Hapo ndipo panapotaka jicho kali. Chukua biashara yetu iliyoanza na salio linalopungua, kisha ikahamia mstari mnyoofu mwanzo wa mwaka wa tatu. Inachukua 3,600,000 iliyobaki, inatoa mabaki ya 1,296,000, inagawa kwa miaka miwili: 1,152,000 kila mwaka. Mwaka wa tatu ulikuwa ubebe 1,440,000. Faida imepanda kwa 288,000 bila bidhaa moja zaidi kuuzwa.

Mabadiliko kama hayo yakiwa na athari ya maana hutakiwa kuelezwa katika maelezo yaliyoambatana na hesabu, kwenye kurasa ambazo wengi huziruka. Tafuta sehemu ya mali, mitambo na vifaa, soma njia iliyotumika na miaka iliyokadiriwa, kisha linganisha na maelezo ya mwaka uliotangulia. Ukiona njia imebadilika, piga hesabu ya mwaka unaofuata pia. Kwa biashara yetu, mwaka wa nne ulikuwa ubebe 864,000 na sasa utabeba 1,152,000, kwa hiyo ile 288,000 iliyoongezwa kwenye faida ya mwaka wa tatu itapungua yote kwenye faida ya mwaka wa nne.