Hisa zimepanda, mkoba umepinda: uuze kiasi gani, ununue nini?

Mwekezaji anayepanga vizuri huamua mapema fedha zake zikae wapi na kwa uwiano gani. Tatizo ni kwamba bei hazipandi kwa pamoja. Baada ya mwaka mmoja au miwili uwiano aliouchagua huwa si ule tena, ingawa yeye hajauza wala kununua chochote. Swali tunaloulizwa sana ni hili: ili kurudi kwenye uwiano wa awali, auze shilingi ngapi za nini na anunue nini? Hesabu yake si ngumu, lakini ina mitego inayowakamata hata watu makini.

Tuchukue mfano wa mwekezaji wa Dar es Salaam mwenye shilingi milioni 20. Bei zote hapa ni za kufundishia tu. Aliamua robo ya fedha iwe hisa za benki na robo nyingine hisa za kampuni ya saruji, zote zimeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Asilimia 30 aliiweka kwenye vipande vya mfuko wa hatifungani, na asilimia 20 kwenye vipande vya mfuko wa ukwasi, yaani ule ambao fedha zake hutolewa kwa urahisi. Ni mifuko ya aina inayoendeshwa na kampuni ya UTT AMIS. Kwa hiyo alianza na milioni 5 za benki, milioni 5 za saruji, milioni 6 za hatifungani na milioni 4 za ukwasi.

Muda ukapita. Hisa ya benki ikapanda kutoka shilingi 500 hadi 950, na hisa zake 10,000 sasa zina thamani ya milioni 9.5. Saruji ikabaki palepale kwenye shilingi 2,500. Mifuko yote miwili ikakua kwa asilimia 5, hivyo hatifungani ni milioni 6.3 na ukwasi ni milioni 4.2. Mkoba mzima sasa ni milioni 25.

Hisa za benki zilizotakiwa kuwa asilimia 25 ya mkoba sasa ni asilimia 38. Hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo. Wengi husema: zimezidi kwa 13, basi niuze asilimia 13 ya hisa zangu za benki. Hayo yangekuwa mauzo ya shilingi 1,235,000 tu, na benki ingebaki zaidi ya asilimia 33 ya mkoba. Ile 13 ni sehemu ya mkoba mzima wa milioni 25, si sehemu ya hisa za benki. Ukiipiga hesabu kwa milioni 25 unapata 3,250,000, na hicho ndicho kiasi cha kuuza. Ni zaidi ya theluthi moja ya hisa zake za benki.

Mtego wa pili ni kuuza faida yote, yaani kuiondoa ile milioni 4.5 iliyoongezeka na kuirudisha benki kwenye milioni 5 za mwanzo. Hapo utakuwa umeuza kupita kiasi, kwa sababu mkoba wenyewe umekua. Robo ya milioni 25 ni 6,250,000.

Kanuni inayofaa kuandikwa kwenye daftari ni hii:

Muamala = (uzito lengwa × thamani ya mkoba wote leo) − thamani ya rasilimali hiyo leo

Uzito lengwa ni ule uwiano uliouchagua mwanzoni. Jibu likiwa chanya, nunua. Likiwa hasi, uza. Kwa saruji tunapata kununua 1,250,000, hatifungani 1,200,000 na ukwasi 800,000. Jumlisha manunuzi hayo: ni 3,250,000, sawasawa na mauzo ya benki. Jumla ya manunuzi isipolingana na mauzo, umekosea mahali fulani. Rudia hesabu kabla ya kumpigia dalali.

Sasa tazama jambo linalowashangaza watu. Hatifungani na ukwasi havikushuka, vilipanda, na bado tunavinunua. Kinachoamua si kama kitu kimepanda au kimeshuka, bali kama kimekua zaidi au chini ya mkoba mzima. Mkoba umekua kwa asilimia 25, kutoka milioni 20 hadi 25. Kilichokua zaidi ya hapo kinauzwa. Kilichokua chini ya hapo kinanunuliwa. Hata mwaka ambao kila kitu kimeshuka, kile kilichoshuka kidogo kuliko mkoba ndicho kitakachouzwa.

Tukienda sokoni, namba safi za kwenye daftari hukutana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba hisa huuzwa kwa idadi kamili. Ukigawa 3,250,000 kwa 950 unapata hisa 3,421 na kidogo. Tuseme unaishusha hadi 3,420 ili hesabu iwe rahisi, na unaziuza kwa shilingi 3,249,000. La pili ni gharama. Tukikadiria kamisheni ya dalali na tozo nyingine kuwa asilimia 2, mauzo hayo yatakuachia 3,184,020 mkononi. Hisa 500 za saruji zitakugharimu 1,275,000 pamoja na ada. Ukinunua vipande vya hatifungani vya 1,200,000, kinachobaki kwa ajili ya ukwasi ni 709,020, si 800,000. Pungufu hilo acha liangukie kwenye ukwasi: utakuwa asilimia 19.7 ya mkoba badala ya 20, na tofauti hiyo haina madhara. Kuilipia gharama nyingine ili uifute ni kupoteza fedha.

Kwa sababu ya gharama hizo, binafsi sishauri kusawazisha mkoba kila mwezi. Weka mpaka, kwa mfano pointi 5 za asilimia juu au chini ya uzito lengwa, na usiguse kitu mpaka uvukwe. Gawio na fedha mpya za akiba vielekeze kwenye kilichopungua. Hilo hupunguza mauzo. Lakini lina ukomo wake. Mwekezaji wetu akiongeza milioni 2 kabla ya kuuza, mkoba unakuwa milioni 27 na mauzo ya benki yanashuka hadi 2,750,000 tu. Ili asiuze hisa hata moja ya benki, milioni 9.5 zingepaswa kuwa robo ya mkoba, yaani mkoba wa milioni 38. Angehitaji kuongeza milioni 13.

Uza kwanza, kisha ununue. Fedha za mauzo ya hisa haziingii siku hiyohiyo. Hupita siku kadhaa za kazi kabla muamala haujakamilishwa, na vipande havinunuliwi kwa ahadi. Mpe dalali bei ya chini unayokubali, kwa sababu kampuni nyingi katika soko letu zina wanunuzi wachache kwa siku, na oda ya kuuza kwa bei yoyote inaweza kukushushia bei wewe mwenyewe. Ikiwa siku ya kwanza zimeuzika hisa 1,500 tu kati ya 3,420, usiendelee na orodha ya zamani kana kwamba bei zimesimama. Kabla ya kila oda mpya, chukua bei za siku hiyo, hesabu upya thamani ya mkoba wote ukijumlisha fedha zilizo njiani, na upige ile kanuni tena. Huenda benki imeshuka hadi 880 na kilichobaki kuuzwa kimepungua.