Je, wajua? Sifuri ya mwanzo wa namba na simu inayopotelea ng'ambo ya mpaka

*"Tovuti ya shule yetu hapa Tororo ina namba ya ofisi. Mzazi wa Kampala akiigusa anatupata, lakini wa Eldoret anapokelewa na mtu asiyetujua kabisa. Na wote wawili wanalalamika kuwa fomu haifunguki. Kwa nini?"*

Kwa upande wa simu, chanzo ni ile sifuri ya mwanzo. Ukipiga namba inayoanza na 0, unauambia mtandao kuwa unayemtafuta yuko ndani ya nchi hiyo hiyo. Simu ya mzazi haijui kwamba ukurasa umeandikwa Uganda. Inachukua tarakimu zilizo kwenye kiungo na kuziweka kwenye kibao cha kupigia kama zilivyo, na mtandao wake ndio unaozitafsiri.

Bahati mbaya ni kwamba Uganda na Kenya zote zina namba za tarakimu kumi zinazoanza na 07. Tuchukue mfano wa 0700 000 000. Hapa Uganda mwanzo huo ni wa laini za Airtel, na Kenya ni wa Safaricom. Kwa hiyo mzazi haambiwi kuwa namba ina kasoro. Simu inaita vizuri, mtu anapokea, na huyo mtu hana habari na shule. Ndiyo maana tatizo hili hudumu miaka: aliye Tororo akijaribu anaona kila kitu kiko sawa.

Dawa ni kuweka alama ya kujumlisha na 256, ambayo ni namba ya nchi yetu, kisha kuondoa ile sifuri:

```html
<a href="tel:+256700000000">Piga simu ofisi: +256 700 000 000</a>
```

Ndani ya `href` usiache nafasi kati ya tarakimu. Nje, pale anaposoma mtu, ziache, kwa sababu macho hushika tarakimu tatu tatu kwa urahisi zaidi. Na hapo nje pia andika +256, si 0, maana wako watakaoinakili kwenye daftari au kumtumia jirani.

Makosa mawili hujirudia sana. La kwanza ni kuongeza 256 na kuibakiza sifuri, ikawa +2560700000000. Hesabu tu: baada ya alama ya kujumlisha ziwe tarakimu 12, na zikifika 13 basi sifuri bado imo. La pili linatokana na mazoea ya mabango yetu, ambapo namba mbili huandikwa pamoja na mkwaju katikati. Zote mbili zikitiwa kwenye kiungo kimoja, simu hupokea mlolongo usiopigika. Kila namba iwe na kiungo chake, na mstari wake pia, ili kidole kisiguse hii kikafungua ile. Ukitaka kuhakiki, shikilia kiungo kwenye simu bila kuachia mpaka menyu itokee, nawe utaiona namba iliyofichwa ndani.

Shule nyingi pia huweka namba ya kulipia karo kwa simu, kwa mfano *165# ya MTN. Hapo kuna mtego mwingine. Kwenye anwani ya mtandao, alama ya # hukata anwani, kwa hiyo kibao cha kupigia hupata *165 peke yake na malipo hayaanzi. Alama hiyo huandikwa %23:

```html
<a href="tel:*165%23">Lipa karo: piga *165#</a>
```

Kwenye Android namba itajitokeza na mzazi atabonyeza kupiga mwenyewe. iPhone hukataa viungo vyenye nyota au #, kwa makusudi, ili ukurasa usiweze kuiamuru simu kupiga namba za aina hiyo. Ndiyo sababu nimeiacha *165# ionekane kwenye maneno: mwenye iPhone ataisoma na kuipiga kwa mkono.

Barua pepe inafuata njia hiyo hiyo, ila hapa nafasi kati ya maneno huandikwa %20. Ukitumia alama ya kujumlisha, mpokeaji ataweza kuona kichwa cha barua kimejaa +++.

```html
<a href="mailto:ofisi@example.com?subject=Fomu%20ya%20kujiunga">Andikia ofisi: ofisi@example.com</a>
```

Anwani yenyewe ionekane, si neno "Wasiliana" peke yake. Simu isiyo na programu ya barua iliyowekwa tayari haitafanya lolote mzazi akigusa, na kama anwani haionekani hana cha kunakili. Tena usimwahidi kuwa fomu itajiambatisha kwenye barua. Kiungo cha aina hii hakibebi faili.

Sasa tuje kwenye fomu, ambako kuna sababu zaidi ya moja.

Anza kwa kuangalia faili limewekwa wapi. Likiwa Google Drive na ruhusa haijafunguliwa kwa kila mtu, mzazi atakutana na ukurasa wa kuingia badala ya fomu. Wewe huoni shida hiyo kwa sababu akaunti yako tayari inaruhusiwa, kwa hiyo jaribu kwa simu ya mtu mwingine. Hata neno `download` ndani ya kiungo halitakusaidia hapo, kwani vivinjari hulitii tu pale faili linapotoka kwenye tovuti ile ile yenye ukurasa. Liweke faili kwenye tovuti ya shule.

Kisha angalia aina yake. Faili la DOCX linahitaji programu ambayo simu nyingi za bei nafuu hazina, au hulifungua na kuvuruga mistari ya fomu. PDF ni salama zaidi. Lakini likipakuliwa na jina likaonekana halina ".pdf" mwishoni, au lina ".bin", simu haitajua ilifungue kwa programu gani. Mwambie anayetunza seva ahakikishe jibu la seva lina mstari huu:

```
Content-Type: application/pdf
```

La mwisho ni uzito, na hili naliona ni suala la haki kwa mzazi. Tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda hubeba ushuru wa asilimia 12. Fomu iliyoskaniwa kama picha inaweza kufika MB kadhaa, na ile ile ikichapwa kwenye kompyuta na kuhifadhiwa moja kwa moja kama PDF mara nyingi haifiki KB 200. Mwenye bando dogo anastahili kujua kabla hajagusa:

```html
<a href="/fomu-2025.pdf" download>Pakua fomu ya kujiunga (PDF, KB 180)</a>
```

Aina na ukubwa viwe ndani ya kiungo, si pembeni yake. Asiyeona hutumia TalkBack kusomewa ukurasa, na anaweza kuruka kutoka kiungo hadi kiungo. Akikuta "bofya hapa" mara tatu mfululizo hawezi kujua kipi ni fomu na kipi ni ratiba.

Neno `download` liache kwenye fomu tu, kwa kuwa mzazi ataihitaji kwenye simu ili akaichapishe mjini. Kwenye orodha ya karo liondoe: hiyo mtu huisoma mara moja, na ikifunguka ndani ya kivinjari hatalazimika kuitafuta kwenye folda ya vilivyopakuliwa.