Fundi wa kuchomelea Mtwara: abobee kwenye mabomba ya gesi, au ashike kila kazi?

"Kaka, nimemaliza chuo cha ufundi mwaka jana, najua kuchomelea. Je, nijikite kwenye mabomba ya gesi tu, au nipokee kila kazi ya chuma inayokuja?"

Mdogo wangu, miaka miwili mitatu ya mwanzo pokea kila kazi ya chuma, lakini kila wiki utenge muda wa kuuzoeza mkono bomba. Ukifanya nusu moja tu ya jibu hili utajuta, na nitakueleza kwa nini.

Fundi wa mabomba ya gesi hupimwa kwa jaribio linaloitwa 6G. Bomba linafungwa likiwa limeinama nyuzi 45 na haliruhusiwi kuzungushwa, wewe ndiye unayelizunguka: unachomelea juu, ubavuni, halafu chini ukiwa umeinua uso. Ukimaliza, kiungo hupigwa eksirei, au hukatwa vipande na kukunjwa mpaka vifanane na herufi U. Ufa unaozidi milimita 3 ukijitokeza kwenye mkunjo, umeanguka.

Ukifaulu, mkono wako una thamani kubwa. Tatizo ni cheti. Kwa kanuni za Kimarekani zinazofuatwa sana kwenye miradi ya gesi, miezi 6 ikipita hujachomelea kwa njia uliyopimiwa, iwe arki au argon, chini ya usimamizi wa kampuni iliyokupima, sifa yako inakoma. Na kampuni mpya kwa kawaida hukupima upya, hata cheti cha zamani kiwe safi namna gani. Unachohama nacho ni mkono, siyo karatasi.

Sasa angalia hali yetu huku. Gesi ya Mnazi Bay iko Msimbati, mtambo wa kuisafisha uko Madimba, na bomba la inchi 36 la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015. Wakati wa kulaza bomba viungo vilikuwa vingi na mafundi walihitajika. Likishafukiwa, kazi inayobaki ni ya uangalizi na matengenezo, na hiyo inataka watu wachache. Mradi wa gesi ya kimiminika wa Likong'o, Lindi, ulifikia makubaliano ya awali kati ya serikali na Equinor na Shell Juni 2022, lakini toka saini mpaka kiungo cha kwanza kuchomelewa ni miaka. Aliyeweka matumaini yake yote hapo atakula nini muda huo?

Kijana mmoja niliyekuwa naye karakana alipita 6G, akafanya kibarua cha miezi michache, kisha akakaa nyumbani akisubiri kingine. Mageti aliyakataa, akisema yataharibu mkono. Simu ilikuja baada ya mwaka na kitu. Kwenye jaribio, mshono wake wa ndani ulikuwa na vishimo vya hewa, akarudishwa. Iliniuma, maana alikuwa fundi mzuri kuliko mimi.

Lakini usikimbilie kusema basi mageti yanatosha. Geti huchomelewa kwa nje, na pakiharibika unapitisha grenda, unapaka rangi, mteja anaridhika. Kwenye bomba mshono wa kwanza ndio unaotokeza ndani, na grenda yako haifiki huko. Unapaswa kuacha mwanya sawasawa kati ya vipande viwili, kisha usome tundu dogo linalofunguka mbele ya rodi: likipanuka mno chuma kinamwagikia ndani, likifunga hakijapenya. Miaka kumi ya madirisha haimfundishi mtu kulisoma tundu hilo. Ndiyo maana fundi wa kila kitu hageuki kuwa fundi wa bomba kwa kuzeeka tu kazini.

Kwa hiyo chagua kazi za jumla zilizo jirani na bomba. Viwanda vya kubangua korosho vinavyopika korosho kwa mvuke vina boila na mabomba yake. Kiwanda cha saruji cha hapa Mtwara nacho kina mabomba na vyuma vinavyoliwa kila siku. Mimi huwaambia vijana: hesabu aina za wanunuzi wa ujuzi wako ambao hawategemeani. Gesi peke yake ni mnunuzi mmoja. Gesi, mvuke wa korosho na saruji ni watatu, na hapo kubobea kunaanza kuwa na maana.

Na zoezi lenyewe si gharama kubwa. Tafuta kwa wauza vyuma chakavu vipande vya bomba nene, noa kingo, funga kwenye nguzo kwa nyuzi 45, uchomelee Jumamosi jioni. Rodi za E7018 ziweke pakavu, hewa yetu ya pwani inazilowesha upesi na rodi yenye unyevu inaleta vishimo. Ukimaliza, pasua bomba katikati kwa grenda utazame ndani kabla hujatazama nje.