Umakinifu 31: mbona mnausoma kama alama ya mtihani?

Nimetumiwa tena ripoti ya dodoso la hulka kwa WhatsApp. Chini yake afisa utumishi mmoja ameandika: "Dokta, huyu dada tulimpenda sana kwenye usaili, ila umakinifu kapata 31. Kafeli. Tumwache?" Udaktari sina, na kumkatalia nimeshachoka. Kazi yenyewe ni ya kutunza stoo ya vipuri vya magari, upande wa Vingunguti, Dar es Salaam. Nitaeleza hapa yale ninayowaeleza watu kwa simu kila mara, ili safari ijayo nitume kiungo tu.

Sifa tano za hulka zinazopimwa na dodoso hilo mnazijua: uwazi kwa mambo mapya, umakinifu, uchangamfu, upole kwa wenzio na wasiwasi. Hazikutoka kichwani mwa mtu mmoja. Zilitokana na kukusanya maneno ambayo watu huyatumia kuelezana, kisha kutazama takwimu zinaonyesha maneno gani huenda pamoja. Umakinifu ndio unaopendwa na waajiri, kwa sababu humo mna bidii, utaratibu na kumaliza ulichoanza.

Sasa hiyo 31. Hata ingekuwa alama ya mtihani, kidato cha nne ingempa D, wala si F, kwa hiyo neno "kafeli" lilishakosea hapohapo. Lakini si alama. Ni nafasi. Maana yake ni kwamba katika kundi analolinganishwa nalo, watu 31 katika kila 100 wamepata umakinifu mdogo kuliko wake. Nilipofungua ripoti nikakuta wastani wa majibu yake ni 3.5 kwenye kipimo cha 1 hadi 5. Yaani amejieleza kuwa mtu makini kuliko mzembe. Wengi wa waliolinganishwa naye wamejisifu kumzidi kidogo, basi.

Nao ni akina nani? Ripoti inasema "watumiaji wengine", haisemi zaidi. Kama ni watu wanaojaza kwa kujifurahisha, huo ni ulinganisho mmoja. Kama ni waombaji kazi, ni mwingine kabisa, maana anayeomba kazi hujipaka mafuta. Majibu yale yale yanaweza kumweka nafasi ya 31 katika kundi moja na juu ya nusu katika jingine, bila yeye kubadilika hata nukta. Ripoti isiyotaja kundi la ulinganisho ningeirudisha kwa aliyeiuza.

Halafu kuna kosa la kipimo. Dodoso zuri la sifa hizi huwa na uthabiti, yaani kiasi ambacho matokeo yake hayayumbi kwa bahati tu, wa karibu 0.8, ambapo 1 ndiyo kamili. Ukifanya hesabu, nafasi ya 31 inakuja na ukingo mpana: huyu dada anaweza kuwa popote kati ya nafasi ya 8 na ya 65 hivi. Ripoti inachora nukta moja nyekundu tu, kwa sababu nukta ina mvuto na ukingo hauna.

Linaloniudhi zaidi liko ndani ya maswali. Dodoso lililotungwa vizuri huwa na sentensi za pande mbili. Upande mmoja linasema, kwa mfano, "Namaliza kazi niliyoianza", upande wa pili, "Naacha vitu vyangu ovyo." Ya pili hugeuzwa wakati wa kuhesabu: ukijibu 4, inahesabiwa 2. Sasa mchukue mtu mwenye adabu zake, aliyelelewa kutombishia mkubwa, amekaa mbele ya kompyuta ya ofisi huku meneja anapitapita nyuma yake. Atakubali. Ya kwanza ataipa 4, ya pili 4. Geuza ya pili iwe 2, tafuta wastani, unapata 3. Kwenye dodoso lenye sentensi za kujisifu tupu, mtu huyohuyo angepata 4 na mngemkaribisha kazini siku hiyohiyo. Hiyo 3 haisemi chochote kuhusu stoo. Inasema kwamba mtu amekubali mambo mawili yanayopingana, ama kwa heshima, ama kwa uchovu, ama kwa sababu dodoso lilikuwa la Kiingereza na lile "not" la katikati ya sentensi limempita.

Kulitambua ni rahisi mkiomba majibu ya kila swali badala ya kurasa za rangi. Tazama jozi zinazopingana. Mtu akikubali pande zote mbili mara kwa mara, jumla yake haifai kutumika, iwe kubwa au ndogo. Kwa huyu dada niliomba majibu hayo. Jozi kadhaa zilikuwa hivyohivyo: ndiyo kwa hili, ndiyo kwa kinyume chake. Kwangu mimi hapo ripoti iliishia, lakini afisa utumishi hakuridhika. "Sawa Dokta, tuseme kajaza vizuri na 31 ni ya kweli. Si bado ni hatari?"

Haya, tuseme. Tangu uchambuzi wa wanasaikolojia Barrick na Mount wa mwaka 1991 inajulikana kwamba umakinifu ndio sifa inayobashiri utendaji kazini katika aina nyingi za kazi. Ni kweli. Ila kiwango chake cha uhusiano ni karibu 0.2, ambapo 0 ni kutokuwa na uhusiano wowote na 1 ni uhusiano kamili; Sackett na wenzake, walipopitia upya hesabu hizo mwaka 2022, wakakiweka 0.19. Watu wakisikia "inabashiri" wanasahau kuuliza kwa kiasi gani, kwa hiyo tuhesabu watu badala ya desimali.

Chukua waombaji 100, wagawe katikati kwa umakinifu: 50 wa juu, 50 wa chini. Waajiri wote. Mwaka ukipita, wagawe tena katikati kwa utendaji. Kama umakinifu hauna uhusiano wowote na kazi, katika wale 50 wa juu ungetegemea 25 wawe watendaji wazuri. Kwa uhusiano wa 0.2 unapata kama 28. Na katika wale 50 wa chini, ambao mngewaacha getini, 22 wangekuwa watendaji wazuri. Faida yenu yote ni watu watatu katika hamsini.

Sisemi ni bure. Kampuni inayoajiri maelfu, watu watatu katika kila hamsini ni fedha nyingi, na kwa mtafiti ni matokeo halali kabisa. Lakini ninyi mna nafasi moja na dada mmoja. Kwa mtu mmoja, tofauti ya 28 na 22 haitoshi kuandika neno "hatari" kwenye faili lake. Usaili wenye mpangilio, katika hesabu zilezile za Sackett, uko 0.42, ambayo kwa mfano wetu ni kama watu 32 katika 50. Kwa hiyo mlikuwa na kipimo chenye nguvu zaidi, kikamkubali, mkataka kukitupa kwa sababu ya kile dhaifu chenye rangi nzuri. Sharti lake ni usaili uwe na mpangilio kweli: maswali yaleyale kwa kila mtu, na kila msaili aandike alama zake kabla hamjaanza kujadiliana. Kama ulikuwa wa "tuambie kuhusu wewe" na kucheka pamoja, hiyo 0.42 msiidai.

Sababu ya udogo wa hiyo 0.2 haiko kwenye ubovu wa maswali peke yake. Sifa ni wastani wa mwenendo, na mwenendo wa mtu huyumba. Mwaka 2001 Fleeson alichapisha tafiti ambazo watu walijieleza mara kadhaa kwa siku, kwa siku nyingi. Mtu mmoja alitofautiana na nafsi yake kutoka saa hadi saa kwa kiasi kikubwa sana, ilhali wastani wake wa wiki hii na wa wiki ile ulikaribiana mno. Ndiyo maana dodoso haliwezi kukuambia kama Jumanne mtu atasahau kufunga stoo. Linayoyaweza kwa nafuu ni mambo yanayojikusanya kwa miaka mingi. Watoto wa California waliopimwa na wazazi na walimu wao mwaka 1922 walifuatiliwa hadi uzeeni, na wale walioonekana makini utotoni waliishi muda mrefu zaidi kwa wastani. Hapo tena neno ni wastani. Hakuna aliyeweza kunyoosha kidole kwa mtoto na kutaja mwaka wake wa kufa.

Na wizi? Wanauliza kila mara: "Litatuonyesha mwizi?" Hapana. Mwizi anaweza kujibu "mimi ni mwaminifu" kwa wino uleule.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vipimo hawalisemi, na mimi mwenyewe linaninyima amani. Mwaka 2019 Laajaj na wenzake walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu zaidi ya 94,000, yakitoka nchi za kipato cha chini na cha kati. Maswali ya sifa tano yalipoulizwa katika mazingira hayo, hasa ana kwa ana na mdadisi, mara nyingi hayakukaa katika mafungu matano yanayotarajiwa, na tabia ya kukubali kila kitu ilikuwa sehemu ya tatizo. Miongoni mwa Watsimane wa Bolivia, Gurven na wenzake hawakuyapata mafungu matano kabisa. Sifa za watu zipo, hilo sina shaka nalo. Shaka yangu ni kama dodoso lililotungwa kwa watu wa nchi tajiri za Magharibi linazipima sifa zilezile kwa mtunza stoo wa Vingunguti. Hata ile 0.2 niliyoitumia hapo juu imetoka zaidi kwenye ofisi zisizofanana na zetu. Naitumia kwa kuwa ndiyo iliyopo, na ninawaambia wateja hivyohivyo, jambo ambalo halinisaidii kupata wateja.

Ushauri wangu kwao ulikuwa mfupi. Muiteni, mpeni rafu moja ya vipuri na kadi zake za stoo, mkiwa mmeingiza makosa kwa makusudi: idadi isiyolingana, namba ya kipuri iliyopinduliwa tarakimu mbili, hati ya kutolea mzigo isiyo na saini. Mpeni muda, kisha hesabuni makosa mangapi ameyaona na mangapi ameyazua mwenyewe. Wapeni waombaji wote rafu hiyohiyo.

Pili, tafuteni aliyewahi kumsimamia. Makadirio ya umakinifu yanayotolewa na wanaofanya kazi na mtu hubashiri utendaji vizuri kuliko anavyojikadiria yeye. Msiulize "ni mtu mzuri?" Ulizeni hesabu ya mwisho wa mwezi ilichukua siku ngapi, na kulipotokea upungufu nani aliugundua kwanza. Na msikilizeni kwa tahadhari, maana wapo mabosi wanaomsifia mtu sana kwa sababu wanataka aondoke.