Mwisho wa video: ombi moja au matano?

"Video lazima imalizike na laiki, shea, komenti, sabskraibu na ubonyeze kengele, la sivyo chaneli haikui."

Wengi tumejifunza kwa kuiga, kwa hiyo mazoea haya yanaeleweka. Ila mtazamaji akisikia tu "basi, kwa leo ni hayo", kidole kinaondoka. Maombi matano yanamkuta ameshatoka.

Chukua video ya YouTube ya kukanda unga wa chapati. Mtazamaji ameachwa na donge la unga mkononi, anataka kujua kinachofuata. Maliza hivi: "Unga ukishalala nusu saa, bonyeza hapa nikuonyeshe kusukuma na kuchoma." Useme wakati video hiyo ya pili inaonekana kwenye skrini ya mwisho, ambayo huwekwa katika sekunde 5 hadi 20 za mwisho.

Instagram, kiungo ulichoandika chini ya video hakibonyezeki. Huko omba ahifadhi vipimo, basi.

Kujihakikishia, fungua YouTube Studio, utazame grafu ya wanaoendelea kutazama. Mstari ukiporomoka, sikiliza ulikuwa unasema nini sekunde hiyo. Mimi nilikuta ni neno "basi".