Fakta ikijirudia, sehemu moja haitoshi

Jana jioni kwenye tuisheni hapa Kisasa, upepo unavuma na vumbi lote la Dodoma linaingia dirishani, dogo mmoja wa fomu siksi kaenda ubaoni kufanya swali la pasho frakshoni, kamaliza ndani ya dakika mbili, kapata namba nzuri zisizo na desimali, karudi kukaa. Namba zake mbili zote zilikuwa sahihi kabisa, ila jibu lake lilikuwa kosa. Na hili kosa nimeliona mara nyingi mno kwenye madaftari ya watoto wa PCM, kwaiyo leo nalimaliza hapa.

Swali lilikuwa kuvunja hii:

```
(5x² + 3x + 4) / ((x + 2)(x - 1)²)
```

Kwanza kabisa angalia digrii. Juu ni 2, chini ukifungua mabano ni 3, kwaiyo tuko sawa. Ingekuwa juu ni 3 au zaidi hiyo ni sehemu guni, unagawanya kwanza kwa mgawanyo mrefu afu ndo unavunja kile kilichobaki. Hilo tuliache.

Sasa dogo alipanga hivi:

```
A/(x + 2) + C/(x - 1)²
```

Fakta ni mbili, akaweka sehemu mbili, kiakili inaonekana ni haki yake. Afu akazidisha kote kwa asili nzima, akaweka x = 1 akapata 12 = 3C, yaani C = 4, akaweka x = -2 akapata 18 = 9A, yaani A = 2. Kila kitu kimetoka safi, nani atashtuka hapo?

Nikamwambia weka x = 0 pande zote mbili. Swali lenyewe linatoa 4 gawanya kwa 2, ambayo ni 2. Jibu lake linatoa 2/2 jumlisha 4/1, yaani 5. Darasa likanyamaza. "Ticha, sasa A na C zimekosewa wapi?" Hazijakosewa popote, hapo ndo utamu ulipo.

Rudi kwenye sehemu za kawaida, zile za shule ya msingi, kiasi juu asili chini. Chukua 17/25. Hiyo 25 ni 5 iliyojirudia mara mbili. Ukitaka kuivunja huku juu ukibaki na namba ndogo kuliko 5, unajiuliza ndani ya 17 kuna 5 ngapi, ziko 3 na inabaki 2, kwaiyo 17/25 = 3/5 + 2/25. Ukisema unataka ya ishirini na tano peke yake na juu iwe ndogo kuliko 5, haiwezekani, zile 5 tatu utazipeleka wapi?

Kwenye x ni hivyo hivyo. Juu ya (x - 1)² panaruhusiwa kukaa kitu cha digrii moja, tuseme 3x + 1, kwa sababu bado ni kidogo kuliko kwadratiki iliyo chini. Jiulize ndani ya 3x + 1 kuna (x - 1) ngapi: ziko 3, inabaki 4, maana 3(x - 1) + 4 = 3x + 1. Ukigawa kwa (x - 1)² zile tatu zinakatana na fakta moja ya chini zinakuwa 3/(x - 1), na ile 4 inabaki juu ya skwea. Ndo maana mpangilio wenyewe unatakiwa uwe hivi:

```
A/(x + 2) + B/(x - 1) + C/(x - 1)²
```

Kuna wanaoandika (Bx + C)/(x - 1)² moja kwa moja, hao hawajakosea hesabu, ila wameishia njiani, sehemu bado inavunjika. Na kuna wanaoandika B/(x - 1) + C/(x - 1), skwea imepotea, hizo mbili ukizijumlisha ni sehemu moja tu yenye jina refu.

Haya, tuzidishe. Asili ya pamoja, ile KDS, ni (x + 2)(x - 1)², sio kipeo cha tatu. Hapa napo watu wanaanguka, wanazidisha asili zote tatu kama zilivyo wanapata (x - 1)³ chini, afu wanalinganisha juu kwa juu. Utajua umefanya hivyo ukiweka x = 1, utaona 12 = 0, hapo futa urudie. Ukifanya vizuri unapata:

```
5x² + 3x + 4 = A(x - 1)² + B(x - 1)(x + 2) + C(x + 2)
```

Sasa tazama B imekaa na nani. Imezidishwa na (x - 1) na pia (x + 2), yaani ukiweka x = 1 inakufa, ukiweka x = -2 inakufa vilevile. Ndo maana dogo alipata A na C sahihi hata bila kuiandika B, zile namba mbili alizochagua ni zilezile ambazo B haionekani. Kipande alichokiacha ni 3x² + 3x - 6, ambacho ni 3(x - 1)(x + 2), sifuri pale pale alipokuwa anachungulia. Kwaiyo usijipe moyo kwamba namba zimetoka nzuri.

B tunaipata kwa njia nyingine. Mi napenda kulinganisha koefishenti za x²: kushoto ni 5, kulia ni A + B, na A ni 2, basi B = 3. Basi, hakuna haja ya kufungua mabano yote na kupanga milinganyo mitatu kama mtu anayejenga ghorofa. Hakiki kwa x = 0, namba ambayo hatujaitumia bado: kulia inakuwa A - 2B + 2C = 2 - 6 + 8 = 4, na kushoto ni 4. Imekaa.

```
2/(x + 2) + 3/(x - 1) + 4/(x - 1)²
```

Ukija kufanya intigresheni ndo utaona hasara ya kuiacha B, maana ile ya skwea inatoa -4/(x - 1) bila logi yoyote, na 3 ln|x - 1| inatoka kwa B peke yake. Ukiiacha, kipande kizima cha logi kimeondoka.

Na kikija kipeo cha tatu peke yake chini, mfano (2x² - 3x + 5)/(x - 1)³, sehemu ni tatu, moja kwa kila kipeo, lakini usihangaike na A, B, C. Weka u = x - 1, yaani x = u + 1, ufungue juu: 2(u + 1)² - 3(u + 1) + 5, ikirahisishwa ni 2u² + u + 4. Gawa kila kipande kwa u³ unapata 2/u + 1/u² + 4/u³, rudisha x umemaliza. Hii njia nilimpa yuleyule dogo aifanye ubaoni, na safari hii kabla hajageuka alishaweka x = 0 mwenyewe pembeni, kushoto -5, kulia -2 + 1 - 4, akaweka chaki chini.