Alicheka jeneza likitoka

Jeneza lilikuwa lishavuka kizingiti. Ndani ya nyumba ile ya Kibokoni wanawake wamekaa mikekani, bega kwa bega, na sauti za wanaume zinasikika zikififia kichochoroni, la ilaha illa Llah. Hapo ndipo mjukuu wa marehemu alipocheka. Alijiziba mdomo kwa leso, lakini mabega yakamsaliti. Shangazi yake akamfinya paja: "Wacheka nini wewe? Si bibiyo huyo?" Kule kufinywa kukamzidishia. Binamu aliyekaa naye ubavuni naye akaanza kutikisika, na wale waliokuwa karibu wakageuza nyuso.

Miezi mitatu baadaye alikuja kwangu. (Mimi ni mshauri nasaha hapa Mombasa. Ameniruhusu niandike, na mambo machache nimeyabadilisha asitambulike.) Hakuja kwa ajili ya msiba, alikuja kwa ajili ya kile kicheko. Tangu siku ile hakuwa ameikanyaga nyumba ya shangazi yake. Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa: "Wallahi nilikuwa nampenda bibi yangu."

Kila nikisikia kiapo cha namna hii hukumbuka majaribio aliyoyafanya Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale, na kuyaandika mwaka 1963. Watu waliambiwa wampige mwenzao shoti ya umeme kila anapokosea jibu, wakipandisha kidogo kidogo hadi volti 450. Shoti zilikuwa za uongo, lakini wao hawakujua. Walitokwa jasho, wakatetemeka, wakauma midomo. Na kati ya wanaume 40, 14 walicheka au kutabasamu kwa namna isiyolingana kabisa na hali ile. Watatu kati ya wote walishikwa na kicheko kikali wasichoweza kukizuia. Walipohojiwa baadaye, walijitahidi sana kueleza kwamba wao si watu wakatili na kwamba kicheko kile hakikuwa cha kufurahia. Yaani nao waliapa, kama binti yangu huyu.

Kosa tunalolifanya sote ni kudhani kwamba kicheko ni jibu la kichekesho. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefuatilia vicheko vya watu madukani na njiani, aligundua kwamba vingi havikuja baada ya mzaha wowote. Vilikuja baada ya maneno ya kawaida tu, kama "haya, tutaonana". Aligundua pia kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka mara nyingi mno kuliko akiwa peke yake. Kicheko ni ishara ambayo watu hupeana kabla ya kuwa dalili ya raha, na mara nyingi maana yake ni "tuko pamoja" au "usinihofu". Ndiyo maana mtu akijikwaa mbele ya watu hucheka kabla hata hajatazama kidole chake.

Sasa turudi mkekani. Nilimwomba anisimulie usiku ule saa baada ya saa. Bibi alikata roho usiku wa manane. Yeye ndiye aliyepiga simu kwa jamaa, akatafuta sanda, akachemsha maji, akapokea wageni tangu alfajiri. Hakulala wala hakulia. "Pole mwanangu, Mungu akupe subira" alikuwa ameitikia mara zisizo na idadi. Jeneza lilipotoka, kwa mara ya kwanza hakuwa na kazi mikononi.

Mwili uliokaa macho namna hiyo huwa umejaa kama chungu kilichofunikwa. Kicheko na kilio vyote huendeshwa na sehemu za ndani sana za ubongo, hasa kule chini kwenye shina lake, na vyote hutumia vifaa vilevile: kifua, koo, uso na pumzi. Kicheko si kitu ila pumzi inayotoka ikikatwakatwa, ha-ha-ha, kila mkato ukifuata mwenziwe kwa takriban sehemu ya tano ya sekunde. Kwikwi ya kilio nayo ni pumzi iliyokatika. Mlango ukifunguka, si wewe unayechagua nani atangulie kutoka. Nilimuuliza kilimalizikaje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kiligeuka kilio, naye hakujua ni saa ngapi. Hilo halikunishangaza.

Kwa nini basi kicheko kije mbele? Hapa wataalamu hawajakubaliana. Wako wanaosema hisia ikizidi kimo, mwili huleta kinyume chake ili kuisawazisha, kama vile mtu anavyolia kwa furaha harusini. Wengine wanasisitiza ile ishara ya kuomba usalama mbele ya watu. Mimi naona katika chumba kile zote mbili zilikuwepo.

Nina uhakika zaidi na kilichofuata. Kukizuia ndiko kulikokipa nguvu. Kucheka kwa makusudi, kama unapochekea mzaha baridi wa mkubwa wako kazini, hupitia njia ya amri katika ubongo, lakini kile cha ghafla hupita njia nyingine ambayo amri haiifikii vizuri. Ukibana mdomo na kuzuia pumzi, hewa hujaa kifuani na ikitoka hutoka kwa kishindo. Zaidi ya hayo, kujiambia "nisicheke, nisicheke" ni kujikumbusha kicheko kila sekunde. Tena kicheko huambukiza, kwa hiyo mtu mbaya kuliko wote wa kukaa naye wakati huo ni binamu unayejuana naye tangu utotoni.

Kwa hiyo nilimfundisha asipigane na uso bali ashughulikie pumzi. Aitoe polepole kwa mdomo chini ya leso, ndefu kuliko alivyoivuta, mara nne au tano. Macho ayaondoe kwa binamu, ayashushe kwenye ukili wa mkeka. Ikishindikana atoke, aende jikoni ashike kazi. Na aliye karibu naye asimfinye. Amwekee mkono mgongoni tu, kwa sababu karipio humwongezea hofu, na hofu ndiyo iliyokileta.

Kipo kicheko kingine ambacho hakiishii kwa mshauri. Mtu aliyewahi kupata kiharusi au kuumia kichwa anaweza kuangua kicheko kila siku bila sababu, na ukimuuliza anakwambia ndani hahisi raha wala huzuni. Hicho hakisubiri msiba, huja hata akiwa anakunywa chai. Mtoto anayechekacheka kwa vipindi vifupi vinavyofanana, macho yakiwa hayapo, huenda ana aina ya kifafa. Hawa wapelekwe kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, maana dawa zipo. Binti huyu hakuwa na lolote katika hayo. Alicheka mara moja, mahali pamoja, akiwa amechoka na amefiwa.

Baada ya vikao vitatu alikwenda kwa shangazi yake na kisahani cha mahamri, akiwa amejiandaa kuomba radhi. Alinisimulia kwamba shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akaigusa koo yake.

"Mwanangu, mimi nilikufinya kwa kuwa na mimi kilikuwa kishanifika hapa."